Mteja anapoandika "Sinza" peke yake

Mteja wa Dar es Salaam akiandika jina la eneo tu, "Sinza", kama anwani ya kupelekewa mzigo, usimwambie tu kwamba anwani haijakamilika, kwa kuwa huenda akajibu "Sinza Mori", ambayo bado haimfikishi dereva mlangoni, na mkalazimika kuanza upya. Mwandikie hivi:

"Habari za mchana, dada. Tumepokea oda yako, asante sana. Ili dereva wa bodaboda afike mlangoni bila kukusumbua, tunaomba utuandikie jina la mtaa, alama iliyo karibu na nyumba, kama vile msikiti, shule au duka la dawa, pamoja na namba ya simu ya atakayepokea mzigo."

Mimi husisitiza namba ya mpokeaji, kwani aliyeagiza mara nyingi huwa kazini, na dereva hubaki getini akipiga simu isiyopokelewa.