Siku ya dawa za kichocho na minyoo shuleni: mambo ya kumaliza nyumbani kabla mtoto hajatoka

Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, tangazo la kingatiba shuleni si jambo geni. Kwetu mwaka huu lilitufikia jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa mstari mmoja tu: "Kesho watoto watameza dawa, waje wote." Halikutaja chakula wala magonjwa, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo mzazi anapaswa kuyashughulikia mapema.

Tuanze na ridhaa. Usikae ukisubiri fomu ya kusaini. Shuleni kwetu mzazi akishatangaziwa na asiseme kitu, inahesabiwa amekubali. Kama hutaki, au mtoto wako ana sababu ya kutomeza siku hiyo, mwandikie mwalimu wa darasa barua fupi yenye jina la mtoto, darasa, sababu na namba yako ya simu. Usimtume mtoto akaseme kwa mdomo. Kwenye foleni ya watoto mia kadhaa, mtoto wa darasa la pili hawezi kumzuia mwalimu mwenye kidonge mkononi.

Sababu nzito kuliko zote ni kifafa, au degedege lililowahi kumpata bila kueleweka chanzo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua pia mabuu ya tegu wa nguruwe. Mabuu hayo yakiwa yamejificha kwenye ubongo, kufa kwake kunaweza kuleta degedege na kichwa kikali. Tena, baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitali, hupunguza nguvu ya prazikwanteli mwilini. Mtoto wa namna hii apelekwe zahanati, aamuliwe na mganga. Mwenye homa au anayeumwa siku hiyo asubiri apone. Binti mkubwa anayeweza kuwa mjamzito aonwe kwanza na mhudumu wa afya.

Sasa chakula, maana hapa ndipo tulipoumia. Prazikwanteli haifai kumezwa na tumbo tupu. Shule ilisema uji utakuwepo, na kweli ulikuwepo, ila ulitoka jikoni wakati madarasa ya chini yameshameza. Mwanangu alirudi ameshika tumbo, anatapika, kizunguzungu kimemkaa mpaka jioni. Kwa hiyo usiutegemee uji wa shule. Mpe kitu kizito kabla hajatoka, kiporo cha ugali na maharage, viazi au chapati, chai peke yake haitoshi. Kisha mfungie kingine kidogo ale karibu na muda wa kumeza, pamoja na chupa ya maji safi.

Kwenye foleni mtoto hapimwi uzito. Anasimamishwa kwenye kijiti kirefu chenye alama, na urefu wake ndio unaoonyesha idadi ya vidonge. Chukua mtoto wa sentimita 131: anaangukia kati ya 125 na 138, hivyo atapewa vidonge viwili vya prazikwanteli vya miligramu 600. Mwenzake wa sentimita 115 atapewa kimoja na nusu. Juu ya hapo kila mmoja anapata albendazo moja ya miligramu 400 kwa ajili ya minyoo ya tumbo, na hii hutafunwa. Prazikwanteli ni kubwa na chungu, inamezwa kwa maji. Mtoto akilia au akigoma asibanwe pua wala kulazimishwa, kidonge kinaweza kumpalia. Hilo nalo liweke kwenye barua.

Maudhi madogo madogo huja saa chache baada ya kumeza: tumbo kunyonga, kichefuchefu, kichwa kuuma, kizunguzungu. Mwenye minyoo mingi ndiye huumwa zaidi, kwa sababu inakufa kwa pamoja ndani yake. Mwaka 2008 kule Morogoro hali kama hii ilizaa uvumi kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule kwa hasira. Mlaze apumzike, mpe maji na chakula chepesi. Kwa kawaida yanaisha ndani ya siku moja. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mwambie mwalimu, usimwongezee dozi ya dukani. Lakini degedege, kupumua kwa shida, kuvimba uso au mwili kutoka vipele ghafla ni mambo ya kukimbizwa kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Jioni muulize mtoto amemeza vidonge vingapi na kama jina lake liliandikwa kwenye rejista. Ambaye hakumeza, nenda shuleni kesho yake ukaulize kama kuna siku ya waliokosa. Usichelewe, dawa zikibaki hurudishwa kituo cha afya. Na uliza mapema, kabla hujarudi nyumbani, uji utaiva saa ngapi.