Kuandika maelezo ya toleo jipya pale kusasisha kunapokuwa lazima

Tuchukue programu ya kurekodi matumizi ya kila siku. Mtengenezaji amekuletea mistari mitatu: mfumo wa zamani wa kuingia unazimwa, utafutaji umeongezwa, rekodi zinazojirudia zimerekebishwa. Wewe ndiye utakayemwandikia mtumiaji.

Kwanza, tanguliza la lazima. Play Store inakupa herufi 500 tu kwa kila lugha, na wengi husoma mistari ya mwanzo pekee. App Store inaruhusu 4,000, lakini mimi huandika kwa kipimo cha 500 kotekote.

Pili, mjibu mtumiaji maswali yake: mwisho lini, nisiposasisha itakuwaje, rekodi zangu zitapona? Neno “lazima” peke yake linatisha bila kueleza. Tarehe inaeleza.

Tatu, hitilafu itaje kama mtu alivyoiona kwenye skrini yake. “Tumeboresha ulandanishi” haimwambii kitu aliyekuta nauli moja imeandikwa mara mbili. Na kama marekebisho hayasafishi makosa ya nyuma, sema hivyo, la sivyo atadhani hamjarekebisha chochote.

Haya ndiyo niliyopata, kama herufi 400:

> Tafadhali sasisha kabla ya 30 Juni. Kuanzia siku hiyo, toleo lolote chini ya 4.2 halitafungua akaunti yako. Rekodi zako zitabaki. Utaombwa nywila mara moja tu. Usifute programu na kuipakua upya: uliyoandika bila mtandao yatapotea.
> Jipya: tafuta matumizi kwa jina au tarehe.
> Tumerekebisha: matumizi yaliyoandikwa bila mtandao yalikuwa yakijirudia. Yaliyokwisha kujirudia, yafute mwenyewe.

Ile sentensi ya “usifute” niliipata kwa gharama. Zamani niliandika “pakua toleo jipya” nikadhani nimeeleweka. Baadhi ya watu waliiondoa programu kwanza, na rekodi ambazo hazijafika kwenye seva zikaenda nayo.

Nne, kabla ya kutaja tarehe, muulize mtengenezaji toleo linasambazwa vipi. Kwenye Play Store, likitolewa kwa asilimia 20 ya watumiaji, waliobaki hawalioni hata wakilitafuta. Ukiwafungia mlango wakati huo, wanabonyeza “Sasisha” na hawakuti kitu. Kwenye App Store usambazaji wa awamu huchukua siku 7, ila unahusu masasisho ya kiotomatiki tu. Anayetaka kulichukua mwenyewe hulipata siku ya kwanza. Kwa hiyo tarehe ya kufunga ihesabiwe tangu toleo lifike asilimia 100. Mimi huacha wiki mbili.

Wapo pia wenye simu zisizokubali toleo hilo kabisa. Hao hawatayaona maelezo haya dukani, maana hawaletewi toleo. Waandikie ujumbe ndani ya programu yenyewe, ukiwaonyesha jinsi ya kuhamisha rekodi zao kabla ya tarehe ile.