Mteja akitaka blichi juu ya nywele zenye dawa

Usimdanganye kwamba blichi imeisha. Kesho atakuja na kopo lake mwenyewe. Chukua unywele wake mmoja uliobaki kwenye kitana, uulowanishe, uuvute taratibu mbele yake. Unywele wenye nguvu hunyumbuka kidogo na kurudi. Uliochoka hunyumbuka bila kurudi, au hukatika papo hapo. Akiona kwa macho yake, hatahisi unamnyima.

Kisha sema wazi: “Dada, rangi hii itakupendeza kweli, ila dawa imeshalegeza nywele kwa ndani. Nikiongeza blichi zitakatika, na mimi sitaki kuziona sakafuni.” Hata unywele ukirudi vizuri, mimi bado siweki: jaribio hilo halioneshi blichi itafanya nini.

Hapohapo mpe njia ya kuipata rangi leo, kwa mfano rasta za rangi hiyohiyo, zisizokazwa sana. Akitaka nywele zake zenyewe, mpangie kuacha dawa na kupunguza ncha kila baada ya miezi michache hadi zile za dawa ziishe. Akisema, “Weka tu, lawama ni yangu,” mjibu kwa upole kwamba kichwa ni chake lakini mkono ni wako.