Jinsi ya kuomba kipimo cha FBP na kuisoma karatasi yake: HB, seli nyeupe na chembe sahani

Mi nipo maabara, na kila wiki lazima mtu anifuate koridoni ameshika karatasi imejaa namba, macho yameshapata moto, ananiuliza "kaka hii L nyekundu maana yake nini". Kwa hiyo leo naandika hatua zote, kuanzia kuomba kipimo mpaka kuisoma karatasi, na nitatumia karatasi ya dada mmoja wa miaka 34 ambayo ina alama tano za kutisha, na zote tano zina maelezo.

Kwanza ujue unachokiomba. FBP (wengine wataandika FBC au CBC, ni kitu kilekile) ni mashine inayohesabu seli zako za damu basi. Haipimi malaria, haipimi taifodi, haipimi ukimwi, wala sukari, wala grupu la damu. Watu wengi wanakuja wanasema "nataka kipimo kikubwa cha damu kinachoonesha kila kitu" halafu wanaondoka wanajua hawana chochote kwa sababu FBP ilikuwa safi, hapo wamejidanganya.

Kuomba ni hivi: unapita mapokezi, unafungua faili, unaingia kwa daktari. Ukifika kwa daktari usianze na jina la kipimo, anza na unachokisikia. Yule dada alisema "nachoka, nikipanda ngazi moyo unadunda, na hedhi yangu inakaa siku nane na nabadilisha pedi kila baada ya saa mbili". Hiyo sentensi moja ya hedhi ndo ilisaidia kuliko namba zote zilizofuata, na karibu asiiseme kwa aibu. Daktari akishaandika kipimo kwenye mfumo unaenda kulipa, kama ni hospitali ya serikali unapewa kontro namba, kama una bima unaonesha kadi, ndo unaletwa kwetu.

Huhitaji kufunga kula. Kunywa maji tu, mishipa inaonekana vizuri. Tunachukua damu kidogo mkononi kwenye kichupa chenye mfuniko wa zambarau, ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande, na tunakigeuzageuza taratibu kama mara nane mpaka kumi. Ukiona kimewekwa mezani bila kugeuzwa sema, usiogope, maana damu ikiganda hata kidogo chembe sahani zitahesabiwa chache kuliko zilivyo. Jambo lingine, kama una dripu mkono wa kulia tuambie tutoe wa kushoto, damu ikitolewa juu ya dripu inachanganyika na maji na HB inashuka kwenye karatasi wakati mwilini haijashuka.

Mashine yenyewe inamaliza dakika moja hivi, mnachosubiri ni foleni. Siku hizi sehemu nyingi majibu yanaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya daktari na wewe huoni kitu, kwa hiyo ukiwa mbele yake omba akuprintie. Sema tu "daktari naomba nakala ya majibu yangu nikatunze". Ukikosa printa, andika kwenye daftari lako mistari minne: HGB, MCV, WBC, PLT, na tarehe. Halafu kabla hujasoma namba yoyote angalia jina, umri na jinsia, kwa sababu kiwango cha HB cha mwanamke siyo cha mwanaume, na mtu akiandikwa jinsia siyo mashine inaweka alama kwa kiwango cha mwingine.

Sasa karatasi ya dada. Mistari ya maana ilikuwa hii:

```
HGB   8.7  g/dL   L
MCV   68   fL     L
WBC   3.6         L
NEU%  45
LYM%  47          H
PLT   512         H
```

L ni chini ya kiwango kilichowekwa kwenye mashine, H ni juu. Ni hayo tu, haimaanishi hatari, inamaanisha angalia hapa. Yeye alishaingia gugo usiku akakuta seli nyeupe zimeharibika na sahani zimezidi, akaja ameamua kwamba ni kansa ya damu.

Anza na HGB, ndo HB tunayoizungumza kila siku. Ni ile rangi nyekundu inayobeba hewa kutoka kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kwa mwanamke asiye na mimba ikishuka chini ya 12, mwanaume chini ya 13, mjamzito chini ya 11 (miezi mitatu ya katikati ni 10.5 kwa sababu maji ya damu yanaongezeka). Angalia kipimio pembeni, maabara nyingine zinaandika g/L, hapo 87 ndo 8.7 yako, damu haijapanda mara kumi. Na ukitoka 11.2 wiki iliyopita ukapata 10.9 leo kwa mashine nyingine usianze kulia, tofauti ndogo namna hiyo ni ya vipimo.

HB peke yake inakwambia damu ni ndogo, haikwambii kwa nini. Kwa nini unaanza kuitafuta kwenye MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu moja moja. Kawaida ni kama 80 mpaka 100. Yake 68, seli ndogo sana. Mwili ukikosa madini ya chuma unatengeneza seli ndogo zilizopauka, kama mama anayegawa unga kidogo na maandazi yanatoka madogo. Yapo mambo mengine yanayofanya seli ziwe ndogo, ya kurithi, lakini mwanamke anayevuja siku nane kila mwezi unaanza na chuma, halafu unatafuta panapovuja. Altrasaundi ilionesha uvimbe kwenye kizazi, ile mayoma. Hapo sasa niseme kidogo kuhusu juisi ya rosela na bitiruti: kunywa kama unapenda, lakini mtu mwenye 8.7 hawezi kufika 12 kwa juisi, anahitaji vidonge vya chuma, na asivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia.

Tuje kwenye WBC, seli nyeupe, askari wa mwili. Karatasi nyingi zinasema 4 mpaka 10 au 11. Yeye 3.6, alama ya L, na ndo iliyomnyima usingizi. Usiishie kwenye jumla, tafuta nyutrofili, hao ndo askari wa kwanza kupambana na bakteria, na tafuta idadi yao siyo asilimia. Kama idadi haijaandikwa unapiga hesabu mwenyewe: 3.6 mara 45 gawanya kwa 100, unapata 1.6. Inatosha kabisa. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kidogo tangu kuzaliwa, ni ya kurithi na haiwaletei maradhi, ila viwango vilivyowekwa kwenye mashine nyingi vimetokana na watu wa Ulaya na Amerika ndo maana tunapigwa L bure. Na ile H ya limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, 47? Fanya hesabu ileile, 3.6 mara 47 gawanya kwa 100 ni 1.7, ya kawaida, asilimia imepanda kwa sababu ya nyutrofili imeshuka, ni kama keki, kipande kimoja kikipungua kingine kinaonekana kikubwa.

Siyo kwamba kila L ya WBC uipuuze. Virusi, taifodi, HIV na dawa fulani zinaweza kuishusha. Kinachosaidia ni karatasi ya zamani. Nilimuuliza kama anayo, akatoa kwenye mkoba moja ya kliniki ya 2022, WBC 3.8. Basi, ndo yeye alivyo. Nyutrofili zikishuka chini ya 0.5 na una homa, hapo usisubiri kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na upande wa juu, 13 au 15 ukiwa na jipu au nimonia ni askari wametoka kazini, lakini ukiona 60, 80, 100, daktari lazima aombe damu iangaliwe kwa darubini.

Mwisho PLT, chembe sahani, wengine wanaita pleteleti. Ni vipande vidogo vinavyoziba tundu mshipa ukichanika. Kawaida 150 mpaka 400 au 450. Zake 512 zimezidi, na ajabu sababu ni ileile ya kwanza: mtu akikosa chuma sahani hupanda mara nyingi, zinashuka akipata chuma. Kwa hiyo HB ndogo, seli ndogo na sahani nyingi ni stori moja, siyo magonjwa matatu.

Shida ninayoiona zaidi ni sahani chache. Malaria inazishusha, dengi inazishusha, ukipona sahani zinarudi zenyewe. Lakini kuna watu dawa ya kwenye kichupa cha zambarau inafanya sahani zao zishikane mafungu mafungu, mashine inaona fungu moja inadhani siyo sahani, inaandika 40 kwa mtu ambaye hata mswaki haumtoi damu. Ukipata namba ndogo hivyo na huna dalili, omba maneno haya: "naomba iangaliwe kwa darubini na irudiwe kwenye kichupa cha bluu". Ila kama fizi zinatoka damu, au una vidoa vyekundu miguuni visivyopotea ukivibonyeza, au namba iko chini ya 20, hiyo ni ya leo leo, na usimeze asprini wala diklofenaki njiani.

Vivyo hivyo HB chini ya 7 huku unahema ukiwa umekaa, au mjamzito amepauka na moyo unakimbia, usirudi nyumbani na karatasi. Na mtu aliyetoka kupata ajali akivuja sana HB inaweza kusoma 13 saa ya kwanza, kwa sababu damu iliyobaki bado haijachanganyika na maji, kwa hiyo hapo mtazame mtu, karatasi baadaye.

Kurudia kipimo: ukianzishwa chuma rudi baada ya wiki nne, HB inatakiwa iwe imepanda angalau 1. Dada alirudi na 10.3, sahani 396. Ikifika kawaida unaendelea na vidonge miezi mitatu mingine ili ghala lijae, wengi wanaacha hapa na wanarudi mwaka unaofuata na 9. Yeye mayoma ilitolewa, na karatasi ya mwisho niliyoiona ilikuwa HGB 12.4, MCV 83, PLT 310. WBC 3.7, bado na L yake nyekundu pembeni, na safari hii hakuniuliza.