Jinsi ya kutafsiri invoisi ya Kichina kabla ya kuomba mzigo utolewe: yaliyonipata na nyavu 1,200

Mzigo wangu wa nyavu ulilala bohari ya Mombasa siku 17 kwa sababu ya herufi moja ya Kichina. Herufi yenyewe ni 丝. Mtu niliyemlipa kunitafsiria aliiandika "hariri", nami nikapeleka karatasi kwa wakala wa forodha bila kuisoma vizuri. Siku ya tatu wakala akanipigia simu hapa Malindi: "Ami, hizi nyavu za hariri ni za kuvulia nini?" Hapo ndipo nilipojua nimekwama. Tangu hapo nimeagiza mara mbili na karatasi zangu zimepita bila swali, kwa hiyo naandika hatua ninazofuata sasa, hasa kwa wenzangu wanaoleta vifaa vya uvuvi.

Jambo la kwanza ni wakati. Usingoje mzigo ufike ndipo utafute mfasiri. Wakala huomba IDF, yaani fomu ya kutangaza bidhaa unazoagiza, kwa kutumia invoisi ya awali, ile yenye kichwa 形式发票, na maelezo ya bidhaa utakayoandika hapo ndiyo yatakayofuata kote: kwenye cheti cha ukaguzi wa ubora kinachotolewa huko huko China, kwenye bili ya shehena, na mwisho kwenye tamko la forodha. Ukikosea mwanzo, kila karatasi inayofuata inabeba kosa lile lile, na kurekebisha moja kunakulazimu urekebishe zote. Mwambie muuzaji akutumie faili lenyewe la jedwali, si picha ya simu. Katika picha, herufi zinazofanana hazitofautishwi, na mistari ya chini hukatwa.

Jambo la pili ni lugha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa uwezo wa kudai tafsiri sahihi ya Kiingereza ya karatasi yoyote iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Kwa hiyo kinachoingia kwenye mfumo ni Kiingereza. Wengi wetu tunaruka hapo hapo: Kichina hadi Kiingereza, basi. Nami nilifanya hivyo, na ndilo kosa lililonigharimu. Mfasiri alijua Kichina lakini hajui wavu. Mimi najua wavu tangu utotoni, lakini Kiingereza cha kibiashara nilikipitia juujuu tu. Sasa tafsiri ya kwanza naitaka kwa Kiswahili, na nakaa kitako na mfasiri mstari kwa mstari. Kijana wa jirani yangu aliyesoma Guangzhou ndiye anayenisaidia. Tukishakubaliana kwa Kiswahili, wakala anaandika Kiingereza kutoka hapo, huku karatasi ya Kichina iko mbele yake.

Sasa tuje kwenye 丝 yenyewe. Katika kamusi, maana ya kwanza ni hariri, lakini viwandani neno hili ni uzi wowote mwembamba. Hariri ya kweli huandikwa 真丝 au 蚕丝. Waya wa chuma ni 铁丝. Kwenye nyavu utakutana na maneno mawili: 单丝, yaani uzi mmoja mzima usiosokotwa, na 复丝, yaani uzi uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, maana nyavu za uzi mmoja, zile wavuvi wanaziita mono, zimepigwa marufuku Kenya. Mzigo wangu ulikuwa 复丝, halali kabisa. Lakini karatasi ilisema hariri, na namba ya ushuru iliyoandikwa na kiwanda ilikuwa ya nyavu za nyuzi za kutengenezwa viwandani. Maelezo na namba vikagombana. Afisa akasimamisha mzigo ukaguliwe kwa macho, na alipoona ni nyavu akauliza swali ambalo karatasi yangu haikuwa na jibu lake: ni mono au si mono?

Nilikuwepo robota lilipofunguliwa. Afisa alikata kipande kidogo cha uzi, akakisugua mwisho wake kwa ukucha. Uzi ukafumuka, vinyweleo vyeupe vikatawanyika kama ncha ya mswaki uliochakaa. Mono haifumuki, ni ngumu, inang'aa, unaona mwanga upande wa pili kama mshipi wa kuvulia. Alichokiona kwa dakika moja kingeweza kusomwa kwenye invoisi kama ingetafsiriwa inavyopasa. Lakini mzigo ukishashikwa, ukucha hautoshi: ilibidi kiwanda kitoe barua na invoisi mpya, na siku zikaenda. Gharama ya bohari peke yake ilikula faida ya msimu wote wa kaskazi.

Kuna njia ya kujihakikishia hata kama herufi hazieleweki. Tazama safu ya 规格, yaani vipimo. Ukiona kitu kama 210D/12, hiyo ni nailoni ya kusokota: 210D ni uzito wa uzi mmoja, gramu 210 kwa kila mita 9,000, na 12 ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Wavu wa mono huandikwa kwa unene wa uzi, mfano 0.20mm, bila mkwaju na namba ya pili. Basi tafsiri ikisema uzi mmoja na vipimo vikisema 210D/12, kimoja kati ya hivyo ni uongo. Rudi kwa muuzaji kabla ya kwenda kwa wakala. Angalia pia ukubwa wa macho ya wavu, 目大. Viwanda vingine hutaja kwa vidole, 指, na kidole si kipimo cha forodha wala cha idara ya uvuvi. Omba milimita, wavu ukiwa umevutwa.

Mstari wangu mkuu ulikuwa huu:

```
尼龙复丝渔网 210D/12 有结 1200片 单价75元 金额90000元
```

Na hivi ndivyo tulivyouandika safari hii: wavu wa kuvulia samaki, nailoni, uzi wa kusokotwa wa nyuzi nyingi, 210D/12, wenye mafundo, vipande 1,200, bei ya kipande yuan 75, jumla yuan 90,000. Kila neno lina kazi. Nailoni na "wa kuvulia samaki" ndivyo vinavyoshikilia namba ya ushuru. "Uzi wa kusokotwa" ndio unaojibu swali la mono kabla halijaulizwa.

Kuhusu namba ya ushuru, Wachina huandika tarakimu kumi, 5608110000. Usiinakili yote. Tarakimu sita za kwanza, 5608.11, ndizo zinazofanana duniani kote. Zinazofuata ni za nchi husika. Kwetu Afrika Mashariki tunatumia nane, na wakala ndiye anayezithibitisha.

Idadi na uzito ndiko nilikokwama mara ya pili, ingawa hapo nilistuka mapema. Invoisi ilisema 1200片 na orodha ya upakiaji, 装箱单, ikasema 40件. Tafsiri ya kwanza iliandika "pisi" kote kuwili, ikawa ni kama nimelipia pisi 1,200 nikapakiwa 40. Neno 件 ndilo la kuogopwa: kwenye invoisi za nguo huweza kuwa pisi moja moja, lakini kwenye orodha ya upakiaji ni kifurushi. Hapa lilikuwa robota, kila robota vipande 30, na 40 mara 30 ni 1,200. Andika "marobota 40 yenye vipande 1,200" na hakuna atakayeuliza.

Uzito nao: kiwanda kiliandika kila kipande 5斤. 斤 moja ni nusu kilo, si kilo. Kilo ni 公斤. Kijana wangu alilijua hilo, lakini nilimwomba tupige hesabu tuone: vipande 1,200 kwa kilo 2.5 ni kilo 3,000, na chini ya 净重, uzito wa bidhaa tupu, pameandikwa 3,000. 毛重, uzito pamoja na vifungashio, ni 3,080, sawa na bili ya shehena. Kama tungeandika kilo 5 tungepata 6,000, na mzani wa bandarini ungetuumbua.

Jumla ya fedha huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa herufi maalumu zisizochezewa. Yangu ilikuwa 玖万元整. Herufi 万 ni elfu kumi, kwa hiyo hiyo ni elfu kumi mara tisa, yaani 90,000. Sisi wa Pwani tuliozoea laki na elfu tunateleza hapo kwa urahisi, hasa muuzaji anapoandika 9万 kwa ufupi. Na alama ¥ hutumiwa na yuan ya China na yeni ya Japani pia. Mwandikie wakala CNY waziwazi. Akichagua JPY kwenye mfumo, thamani itashuka sana na utaonekana umeficha bei.

Jina la muuzaji usilitafsiri kwa maana. Mfasiri wa kwanza alinigeuzia jina la kiwanda likawa maneno matamu ya bahari na dhahabu, na kwenye bili ya shehena hapakuwa na kampuni ya jina hilo. Nakili jina la herufi za kilatini kama lilivyo kwenye bili. Muhuri mwekundu wa duara nao utaje: "muhuri wa kampuni", na maneno yaliyomo.

Ukikuta kosa kwenye Kichina chenyewe, usilisahihishe ndani ya tafsiri. Tafsiri iseme kilichoandikwa, halafu muuzaji atoe invoisi mpya yenye tarehe mpya. Nilishawishika kurekebisha uzito wa mstari mmoja kwa mkono wangu, na wakala akanikataza: afisa akilinganisha nakala mbili zisizofanana, anayetiliwa shaka ni mwagizaji.

Mwisho ni mpangilio. Ipe mistari ya Kichina namba, na namba hizo hizo zitumike kwenye Kiswahili na Kiingereza, ili mstari wa 7 uwe wa 7 kote. Mfasiri aweke jina, sahihi na tarehe chini ya kila ukurasa, na bana tafsiri pamoja na nakala ya Kichina. Mimi hubaki na seti moja dukani, na nyingine humtumia wakala kabla hajaomba IDF. Pamoja nayo naweka kwenye bahasha kipande cha wavu chenye urefu wa shubiri, ncha yake nimeshaifumua.