Kabla katoni halijafunguliwa: kupanga dawa kwa tarehe ya kuisha

Mzigo ukifika saa kumi jioni na wateja wamejaa dirishani, mwenye duka la dawa hufungua katoni haraka na kusukumia maboksi panapoonekana nafasi. Nafasi yenyewe huwa mbele, maana ndiko anakouzia. Ya zamani inabaki nyuma, imegusa ukuta, na hapo ndipo inapokwisha muda. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, shusha dawa ya aina hiyo yote iliyo kwenye shelfu, iweke mezani pamoja na iliyoletwa, usome tarehe boksi kwa boksi. Usiridhike na ile ya juu ya katoni, kwani katoni moja linaweza kuwa na bechi mbili. Angalia pia usisome tarehe ya kutengenezwa ukadhani ni ya kuisha. Mara nyingi zimepangana.

Wengi wetu tulizoea kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Kwa viberiti haina neno. Kwa dawa, mzigo wa leo unaweza kuwa na muda mfupi kuliko uliokuwepo, kwa sababu muuzaji wa jumla naye ana stoo yake na pembe zake.

Mimi yalinikuta kwenye dawa mseto ya malaria, ile ya watu wazima ya vidonge 24. Mwanzoni mwa Machi nilikuwa na dozi 30 za kuisha Desemba. Zikaletwa 60 za kuisha Agosti, nami nikazipanga nyuma kwa kuwa ni mpya. Duka langu lilikuwa linauza dozi 12 kwa mwezi. Zile 30 zilinichukua hadi katikati ya Mei. Kutoka hapo hadi mwisho wa Agosti ni miezi mitatu na nusu, yaani dozi 42. Zilizobaki 18 zikaniishia mkononi. Ningeanza na za Agosti, 60 zingeondoka ndani ya miezi mitano, hadi mwisho wa Julai, na 30 za Desemba zingemalizika katikati ya Oktoba. Nisingepoteza hata moja.

Hesabu hiyo ifanye kabla ya kusaini ankara, aliyeleta mzigo akiwa bado amesimama mlangoni. Gawanya idadi kwa mauzo ya mwezi, ulinganishe na miezi iliyobaki. Ila usisahau kuhesabu pia dawa uliyonayo yenye tarehe ya karibu zaidi, maana hiyo itauzwa kwanza. Mzigo usipotoshea, rudisha au pokea nusu. Ukishasaini, kurudisha kunakuwa maombi. Na mauzo ya malaria hupanda na kushuka na mvua, kwa hiyo usitumie wastani wa masika kupima miezi ya kiangazi.

Ya kuisha mapema ikae mbele, ya baadaye nyuma. Andika mwezi na mwaka kwa maka peni upande wa boksi unaoonekana, bila kufunika namba ya bechi. Dawa iliyoandikwa EXP 08/2026 bila siku inahesabiwa hadi tarehe 31 Agosti. Ikiandikwa siku, basi ni siku hiyo.

Kuna mahali ambapo kanuni hii huvunjwa kwa makusudi. Mzee wa presha akija tarehe 10 Julai kuchukua vidonge 60, kimoja kwa siku, ukimpa vya Agosti atakuwa anameza saba vya mwisho mwezi Septemba. Huyo mpe vya nyuma. Vya Agosti vinamfaa anayechukua vya mwezi mmoja.

Stripu ndiyo inayotuangusha wengi. Tarehe hupigwa mwishoni, upande mmoja, na muuzaji mwenye haraka hukata hapo hapo. Siku ya pili umebaki na vidonge sita visivyojulikana vinaisha lini. Mkasi uanzie upande usio na maandishi, na kipande chenye tarehe kiwe cha mwisho kuuzwa. Vidonge vya kopo la zamani usivimwage kwenye kopo jipya, hata kama ni vya kampuni ileile.

Dawa ya unga ya watoto ikishatiwa maji, tarehe ya boksi haina kazi tena. Kuna zinazodumu siku saba tu, kwa hiyo soma lebo na umwambie mama siku ya kumwaga.

Zilizokwisha muda zitoke kwenye shelfu siku hiyohiyo, zikae kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa HAZIUZWI, na daftarini ziandikwe jina, bechi na idadi. Usizitupe jalalani wala chooni. Kwa Tanzania, uteketezaji wake unasimamiwa na TMDA, na daftari hilo ndilo utakaloanza kuulizwa.