Kusimulia wikendi kwa Kijerumani: neno la wakati likitangulia

Ukianza sentensi kwa neno la wakati, kitenzi kisaidizi kifuate hapohapo, ndipo aje mtenda. Kitenzi kikuu hukaa mwisho kabisa:

*Am Samstag sind wir um acht Uhr nach Potsdam gefahren.*

Sisi Waswahili huteleza na kuandika "Am Samstag wir sind…", kwa sababu kwetu "Jumamosi sisi tulikwenda" ni sawa tu. Kwa Kijerumani, "Am Samstag" imeshachukua nafasi ya kwanza, ingawa ni maneno mawili, na ya pili ni ya kitenzi. Endelea hivyohivyo:

*Danach haben wir Schloss Sanssouci besichtigt. Am Abend sind wir in Potsdam geblieben.*

Safari ya kutoka hapa hadi pale huchukua kitenzi kisaidizi *sein*, ambacho kwa *wir* huwa *sind*. Shughuli nyingi nyingine, kama kula, kutazama na kununua, huchukua *haben*. Angalia *bleiben*: ni kubaki, hakuna mwendo wowote, lakini nacho hutaka *sein*. Kikariri peke yake.

Ukimaliza kuandika, pigia mstari *sind* na *haben* zote. Kabla ya kila moja pawe na kipande kimoja tu: ama wakati, ama mtenda. Ukikuta vyote viwili, rudisha mtenda nyuma ya kitenzi.